Picha Chini ya Kilobaiti 100: Kutafuta Namba ya Ubora kwa Kugawa Nusu

Msichana mmoja aliingia katika duka letu la fotokopi na kupiga chapa, mtaa wa Kenya hapa Lubumbashi, akiwa na simu mkononi na uso wa mtu aliyekwisha kujaribu mara nyingi. Alikuwa anajaza fomu ya kuomba nafasi ya masomo. Kila kitu kilikuwa kimekubaliwa isipokuwa picha ya uso. «Papa, foto yangu inakataliwa tu,» aliniambia, akanionyesha maandishi mekundu yaliyosema kwamba faili lisizidi 100 Ko. Picha yake ilikuwa na megabaiti 3.4, yaani zaidi ya mara thelathini ya kiwango kilichotakiwa. Mtu fulani alikuwa amempunguzia katika tovuti isiyolipiwa, ikatoka na kilobaiti 31. Fomu iliikubali hiyo, lakini uso ulikuwa umegeuka viraba, naye kwa haki hakutaka kuituma.

Hizo ndizo pande mbili za tatizo hili. Kupunguza picha hadi iwe ndogo sana ni rahisi. Kazi yenyewe ni kuifikisha karibu kabisa na kikomo bila kukivuka, ili baiti zote ulizoruhusiwa zitumike kuuhifadhi uso. Nitaeleza namna ninavyofanya, nikitumia picha ya msichana huyo tangu mwanzo hadi mwisho.

Kwanza ujue kilobaiti 100 ni baiti ngapi

Fomu za Kifaransa huandika Ko na za Kiingereza huandika KB, lakini ni kitu kimoja. Tofauti iko kwingine: kuna programu zinazohesabu kilobaiti moja kuwa baiti 1,000, na nyingine huihesabu kuwa baiti 1,024. Kwa hiyo «100 Ko» inaweza kumaanisha baiti 100,000 au baiti 102,400, na fomu yenyewe haisemi imefuata hesabu ipi. Windows hufuata ile ya 1,024, na ndiyo maana faili ambalo Windows inaliita 99 Ko lina baiti zaidi ya 101,000 na linaweza kukataliwa na fomu inayohesabu kwa 1,000. Mimi huweka kikomo changu kwenye baiti 99,000. Chini ya hapo hesabu zote mbili zinaridhika, na kile kidogo ninachopoteza hakionekani kwa macho.

Ukitaka kujua uzito halisi katika Windows ya Kifaransa, bofya faili kwa kitufe cha kulia, ufungue «Propriétés», kisha usome namba ya octets, yaani baiti, iliyo ndani ya mabano kwenye mstari wa «Taille». Usisome mstari wa «Taille sur le disque». Huo unaonyesha nafasi ambayo faili linakalia kwenye diski, ambayo kwa kawaida hugawiwa kwa vipande vya baiti 4,096, kwa hiyo huwa kubwa kidogo kuliko faili lenyewe.

Pikseli kabla ya ubora

Watu wengi huanza kwa kushusha ubora, na hapo ndipo picha huharibika. Picha ya msichana yule ilikuwa na upana wa pikseli 3,024 na urefu wa pikseli 4,032, yaani zaidi ya pikseli milioni 12. Baiti 100,000 ni biti 800,000. Ukizigawa kwa pikseli zote hizo, kila pikseli 15 zitagawana biti moja. Hakuna namba ya ubora inayoweza kuokoa hali hiyo; hata namba ya chini kabisa huenda isifikishe picha chini ya kikomo, na ikifikisha, kitakachobaki ni vivuli vya miraba.

Sasa ipunguze picha hiyohiyo iwe na upana wa pikseli 700 na urefu wa 900. Pikseli zinakuwa 630,000, na bajeti ileile ya biti 800,000 inakupa zaidi ya biti moja kwa kila pikseli. Kwa picha ya uso iliyopigwa kwenye mwanga mzuri, biti moja hivi kwa pikseli hutosha kuonekana safi. Nilichagua 700 kwa 900 kwa sababu uwiano wake ni uleule wa picha ya pasipoti ya milimita 35 kwa 45, na hesabu inakwenda sawasawa bila desimali. Fomu ikitaja vipimo vyake yenyewe, fuata vya fomu.

Kupunguza vipimo kunakwenda pamoja na kukata. Picha ya simu ina uwiano wa 3 kwa 4, ambao ni mrefu kidogo kuliko wa pasipoti, kwa hiyo sehemu ndogo ya juu na ya chini lazima iondoke. Kwa picha hii ni mistari 144 tu ya pikseli kati ya 4,032. Hata hivyo, kama kichwa kimekaribia ukingo wa juu, ni afadhali kukata upande wa kifua.

Namba ya ubora inafanya nini

JPEG, yaani aina ya faili la picha linaloishia kwa `.jpg`, hugawa picha katika viraba vya pikseli 8 kwa 8. Kila kiraba hugeuzwa kuwa namba 64 zinazoeleza kiasi cha rangi ya wastani na kiasi cha mabadiliko ya polepole na ya haraka ndani yake. Kisha kila namba hugawanywa kwa kigawanyo kilichomo katika jedwali na kukadiriwa kuwa namba kamili. Kigawanyo kikiwa kikubwa, namba nyingi huishia kuwa sifuri, na sifuri nyingi huhifadhiwa kwa baiti chache. Upotevu mkubwa wa picha hutokea hapo.

Namba ya ubora unayoiona kwenye programu huongeza au kupunguza vigawanyo hivyo. Katika maktaba ya libjpeg, ambayo programu nyingi huitegemea, namba 50 hutumia jedwali la msingi kama lilivyo. Namba 75 hufanya vigawanyo viwe nusu ya hapo. Namba 90 huvifanya kuwa sehemu moja ya tano, na namba 95 sehemu moja ya kumi. Kwa hiyo namba hiyo si asilimia ya kitu chochote. Ubora 80 haumaanishi kwamba asilimia 80 ya picha imebaki, wala hauwezi kukuambia faili litakuwa na baiti ngapi. Kutoka 50 hadi 60 uzito hupanda polepole, ilhali kutoka 85 hadi 95 hupanda kama mtu anayepanda ngazi kwa kuruka.

Picha mbili zenye vipimo sawa na ubora sawa zinaweza kutofautiana sana kwa uzito, kwa sababu ukuta mtupu huzaa sifuri nyingi na kitambaa chenye maua huzaa chache. Ndiyo maana hakuna jedwali la kukuambia «kwa kilobaiti 100 tumia ubora fulani». Namba hiyo hutafutwa kwa kila picha.

Kutafuta kwa kugawa nusu

Kuna jambo moja linalorahisisha utafutaji: ubora ukipanda, uzito hupanda pia. Kwa hiyo ukijaribu namba moja na faili likazidi kikomo, namba zote zilizo juu yake umeshazijua bila kuzijaribu. Likiwa chini ya kikomo, zile za chini hazina haja tena. Unaanza na eneo la 1 hadi 95, unajaribu namba ya katikati, unatupa nusu moja, unarudia. Namba 95 zote huisha kwa majaribio yasiyozidi saba. Sipandi juu ya 95 kwa sababu hapo faili hunenepa sana na jicho halioni faida yoyote.

Picha ya msichana, baada ya kukatwa na kupunguzwa hadi 700 kwa 900, ilikwenda hivi. Jaribio la kwanza lilikuwa namba 48, likatoa baiti 62,114. Ni chini ya kikomo, kwa hiyo nikapanda. Namba 72 ikatoa 90,905, bado kuna nafasi. Namba 84 ikatoa 124,870, imezidi, nikarudi chini. Namba 78 ikatoa 101,562, imezidi kidogo. Namba 75 ikatoa 95,480, inafaa. Namba 76 ikatoa 97,310, inafaa zaidi. Namba 77 ikatoa 99,388, ambayo iko chini ya 100,000 lakini imevuka 99,000 niliyojiwekea. Jibu likawa 76. Windows iliniandikia «95,0 Ko (97 310 octets)».

Kuna mtu atakayeuliza kwa nini nisichukue 77 wakati fomu ingeikubali. Huenda ingeikubali. Lakini tofauti kati ya 76 na 77 hata mpiga picha hawezi kuiona, ilhali fomu ikikataa faili dakika ya mwisho, hasara utaiona vizuri sana.

Ukiwa na kompyuta yenye Python na maktaba ya Pillow, kazi yote hufanywa na mistari hii:

```python
from io import BytesIO
from PIL import Image, ImageOps

kikomo = 99_000
picha = Image.open("asili.jpg")
picha = ImageOps.exif_transpose(picha).convert("RGB")
picha = ImageOps.fit(picha, (700, 900), Image.LANCZOS,
                     centering=(0.5, 0.3))

chini, juu, bora = 1, 95, None
while chini <= juu:
    kati = (chini + juu) // 2
    kopo = BytesIO()
    picha.save(kopo, "JPEG", quality=kati, optimize=True)
    uzito = kopo.tell()
    print(kati, uzito)
    if uzito <= kikomo:
        bora = kopo.getvalue()
        chini = kati + 1
    else:
        juu = kati - 1

if bora:
    with open("tayari.jpg", "wb") as f:
        f.write(bora)
```

Kila jaribio linaandikwa kwenye kumbukumbu ya kompyuta, katika kile nilichokiita `kopo`, si kwenye diski. Jambo la maana zaidi ni kwamba kila jaribio linaanza tena na picha ileile isiyobanwa. Usichukue matokeo ya jaribio lililopita ukayabana tena, kwa sababu makadirio huwekwa juu ya makadirio na uso huchakaa kama nakala ya fotokopi iliyotolewa kutoka kwenye fotokopi nyingine. Kosa hili ndilo lililoharibu picha ya msichana katika ile tovuti: aliyemsaidia aliipakia, akaipakua, ikawa bado kubwa, akaipakia tena ileile iliyokwisha kubanwa, na hivyo mara tatu.

Namba `0.3` katika `centering` inasema mahali pa kukatia kwa urefu. Ikiwa 0.5, hukatwa sawasawa juu na chini; ikishuka kuelekea sifuri, juu huachwa na chini hukatwa zaidi. Kwa picha za uso, 0.3 hulinda nywele.

Kama huna Python

Fungua picha katika programu ya GIMP, ikate na uipunguze kwanza, kisha uende kwenye menyu ya kusafirisha faili na uandike jina linaloishia kwa `.jpg`. Dirisha la ubora likifunguka, weka alama kwenye kisanduku cha kuonyesha picha kabla ya kuhifadhi. GIMP itakuandikia papo hapo faili litakuwa na uzito gani. Hapo fanya utafutaji uleule kwa mkono: andika 48, soma uzito, andika 72, soma, na kuendelea. Usivute kitelezi ovyo kushoto na kulia, kwa maana utazunguka muda mrefu bila kujua umeshajaribu nini. Baada ya kuhifadhi, thibitisha uzito katika «Propriétés».

Wenye ImageMagick wana njia ya mstari mmoja, kwa kuwa programu hiyo inajua kutafuta ubora yenyewe ukiitajia kikomo:

```
magick asili.jpg -auto-orient -resize "700x900^" -gravity center -extent 700x900 -strip -define jpeg:extent=96kb tayari.jpg
```

Nimeandika 96kb kwa makusudi: hata ikihesabiwa kwa 1,024 inakuwa baiti 98,304, ambazo bado ziko chini ya 99,000. Onyo moja tu: amri hii haina aibu. Ukisahau sehemu za `-resize` na `-extent`, itashusha ubora hadi chini kabisa ili kutii kikomo, na haitakuambia kwamba imeharibu picha.

Tovuti za kubana picha sizipendi, na sababu si kwamba zote ni mbaya. Nyingi hukupa kitelezi bila kukuambia baiti, unalipia megabaiti za kupakia picha nzima, na uso wa mteja wangu unakwenda kukaa kwenye kompyuta ya mtu nisiyemjua.

Namba iliyopatikana ikiwa ndogo mno

Utafutaji ukiisha, tazama namba iliyoshinda kabla ya kutazama picha. Ikiwa kati ya 70 na 90, kwa kawaida huna la kuhangaikia. Ikiwa chini ya 60, mimi siikubali. Narudi kupunguza upana na urefu kwa asilimia 10, ambako huondoa asilimia 19 ya pikseli, kisha nautafuta ubora upya. Picha ndogo kidogo iliyo safi ni bora kuliko kubwa yenye viraba, maadamu fomu haikutaja vipimo vya chini kabisa. Kama `bora` imebaki tupu na hakuna faili lililoandikwa, maana yake hata ubora 1 umezidi kikomo, na hapo tatizo ni vipimo.

Kisha fungua picha kwa ukubwa wake halisi, pikseli moja kwa pikseli moja, na uangalie mahali patatu: ukingo wa nywele dhidi ya ukuta, nyusi, na ngozi ya shavu. Ubora ukiwa mdogo, pembeni mwa nywele utaona vidoa kama mbu wanaozunguka taa, na shavuni utaona mistari ya miraba ya 8 kwa 8.

Pamoja na hayo, wakati mwingine dawa haiko kwenye kompyuta. Msichana yule alipigwa picha na kaka yake mbele ya kikwembe chenye ndege na majani kilichotundikwa ukutani, jioni, kwa balbu moja. Baiti nyingi zilikuwa zinakwenda kwenye yale majani, na nyingine kwenye chenga ambazo kamera huzizalisha mwanga unapokuwa mdogo. JPEG hudhani chenga ni habari na huzihifadhi kwa uaminifu. Nilimwomba asimame nje ya duka, kivulini, mbele ya ukuta mweupe. Vipimo vilevile, kikomo kilekile, namba iliyoshinda sasa ikawa 88. Ngozi na macho vilipata baiti ambazo awali zililiwa na kitambaa.

Faili lenye uzito sahihi linalokataliwa

Picha ya simu hubeba habari za pembeni: tarehe, aina ya kamera, mara nyingine mahali ilipopigwa, na hata picha ndogo ya kuonyesha haraka. Habari hizo zinaweza kula kilobaiti kadhaa, na kwa kikomo cha 100 hizo ni nyingi. Msimbo wa Python ulioko juu hauziandiki katika faili jipya, na `-strip` huzifuta. Lakini mojawapo ya habari hizo ndiyo inayosema simu ilishikwa wima au kwa ubavu. Ukizifuta kabla ya kuizungusha picha, uso utalala. Ndiyo kazi ya `exif_transpose` na `-auto-orient`, nazo lazima zitangulie.

Picha inayokuja kwa WhatsApp kama picha ya kawaida imeshapunguzwa na kubanwa njiani. Mwambie mteja aitume kama hati, au uitoe kwenye simu yake kwa waya. Baadhi ya simu huhifadhi picha kwa aina ya HEIC, na kubadili jina liishie `.jpg` hakubadilishi kilichomo ndani. Pillow ya kawaida itakataa kuifungua, na fomu nayo itaikataa hata ikiwa na kilobaiti 60. Picha ya PNG yenye sehemu zisizo na rangi nayo huleta mshangao: ukiigeuza moja kwa moja kuwa JPEG, mandhari yake yanaweza kutoka meusi, kwa hiyo iweke kwanza juu ya rangi nyeupe.

Mwisho, soma tena maelezo ya fomu kuhusu kiwango cha chini. Zipo zinazotaka faili lisipungue uzito fulani, na picha ya ukuta mtupu iliyopunguzwa sana inaweza kuanguka chini yake. Hapo ongeza vipimo, kwa mfano kutoka 700 kwa 900 hadi 840 kwa 1,080, na uache utafutaji uchague ubora upya kutoka kwenye picha ya asili, ambayo kwa hiyo usiifute hadi fomu iseme imepokea.